Lebo 1,000 tu: uanze na picha zipi?

Watu wengi wakishajua kwamba modeli ya kutambua picha inaweza kuchagua yenyewe picha za kuwekewa lebo, yaani jina la kilichomo, wanakimbilia zile ambazo modeli ina mashaka nazo zaidi. Mi nasema bajeti ikiwa ndogo usianzie hapo, hiyo njia ina wakati wake.

Chukua picha za zile kamera zinazotegwa Serengeti kupiga wanyama. Za mradi wa Snapshot Serengeti, picha milioni 3.2, zilipata lebo kwa watu wengi sana kujitolea, af baadaye watafiti wakaonyesha lebo 14,100 zilizochaguliwa vizuri zinafikia usahihi ule ule wa kutumia lebo zote. Sasa tuseme we una hela ya lebo 1,000 tu.

Kwanza tenga 200 za bahati nasibu kabisa kwa ajili ya kupima, usiziguse kwenye mafunzo. Zile utakazochagua kwa ujanja haziwakilishi pori lilivyo, kwaiyo ukipimia hizo utapata namba ya uongo.

Zinabaki 800. Modeli ambayo bado haijaona kitu, mashaka yake hayana maana, itakuletea nyasi zinazotikiswa na upepo, mkia nusu usiku wa manane, na kwa vile kamera inapiga mfululizo picha tatu za tukio moja itakuletea zote tatu, umelipa mara tatu kwa nyumbu mmoja. Badala yake chukua modeli iliyofunzwa tayari kwa picha zingine, igeuze kila picha kuwa orodha ya namba, gawa makundi kama 300 ya picha zinazofanana, af toa picha moja kutoka katikati ya kila kundi, pale zilipojazana. Hizo ndo picha za kawaida, zinaifundisha modeli kutambua nyumbu, pundamilia na majani matupu kwa bei rahisi.

Ukishafunza na hizo 300 ndo mashaka yanaanza kuwa na akili. Hapo tafuta picha ambazo majibu mawili ya juu ya modeli yanakaribiana, probs ikiwa ni uwezekano inaoupa kila jibu kwa kila picha:

```python
p = np.sort(probs, axis=1)
margin = p[:, -1] - p[:, -2]
idx = np.argsort(margin)
```

Utaona swala tomi na swala granti wanaanza kujitokeza, na hao kweli wanachanganya. Chukua 100 kwa awamu, picha moja tu kwa kila tukio, funza upya, rudia.

Kila awamu zifungue kwa macho. Anayeweka lebo akianza kuandika "haionekani" mara kwa mara, au nyingi zikitoka kamera moja, ujue unanunua takataka, rudi kwenye makundi. Na nyegere usimtegemee kuja mwenyewe, ni adimu mno kuwa na kundi lake, hivyo chukua picha chache za nyegere ulizo nazo na utafute zinazofanana nazo kwenye zile namba, hata lebo 50 zitengee kazi hiyo.