Hujasahau paswedi, ni kibodi ya simu yako

Hapa steshenari kwangu Mtwara haipiti siku bila kuambiwa: "Kaka, nimesahau paswedi, nitengenezee nyingine." Naomba tuelewane. Wengi wenu hamjasahau kitu.

Dhana: Ikitokea `Invalid username or password`, paswedi ndiyo mbovu.

Ujumbe huo hausemi kipi kimekosewa, na umeandikwa hivyo makusudi, ili mwizi asijue ni majina gani yamo kwenye mfumo. Kosa linaweza kuwa kwenye jina.

Mama mmoja wa Tandahimba alikuja kumalizia maombi ya kazi. Kwenye simu yake akaunti inafunguka, kwenye kompyuta yangu inagoma. "Mwanangu, mashine yako hii mbovu." Nikamwomba anionyeshe anavyoandika jina lake la kuingilia kwenye simu. Juu ni ya simu, chini ni ya kompyuta:

```
Mikorosho5
mikorosho5
```

Siku anajisajili, kibodi ya simu ilidhani anaanza sentensi, ikaikuza M yenyewe. Na kila akiingia kwa simu inaikuza tena, ndiyo maana hakuwahi kugundua. Kompyuta haimkuzii mtu herufi, na kwa mfumo ule M na m ni watu wawili tofauti.

Kibaya zaidi, alikuwa ameshabonyeza `Forgot password` mara tatu kwa jina la herufi ndogo, akawa anasubiri ujumbe. Usingekuja hata angekesha, kwa sababu jina hilo halikuwemo. Tukaandika M kubwa na paswedi yake ileile ya zamani, akaingia.

Kwa hiyo inapogoma mara ya pili, acha kubahatisha. Mifumo mingi huifunga akaunti ukikosea mara kadhaa mfululizo. Lisome jina herufi kwa herufi kwanza.

Dhana: Imeili yangu naiona iko sawa.

Nafasi haionekani. Ukiigusa imeili yako pale juu ya kibodi inapopendekezwa badala ya kuiandika, kibodi nyingi huongeza nafasi mwishoni, tayari kwa neno linalofuata. Kurasa nyingine huifuta zenyewe, nyingine huihesabu kama herufi. Weka kishale mwisho kabisa, ufute mara moja. Kama ile `m` ya `.com` haijaondoka, ulichofuta ni nafasi. Ukiinakili imeili kutoka WhatsApp, fanya vivyo hivyo.

Dhana: Herufi kubwa kwenye imeili haina neno.

Kwenye kutuma barua, kwa kawaida ni kweli. Kwenye kuingia inategemea aliyetengeneza mfumo. Andika ndogo tupu, isipokuwa kama ulijisajili kwa kubwa.

Dhana: Nikifungua kile kijicho nione paswedi, siwezi kukosea.

Kifungue, lakini angalia herufi ya kwanza. Paswedi ikishaonekana, kuna simu ambazo kibodi huichukulia kama maandishi ya kawaida na kuanza kukuza.

Kwa wenye Gboard, kibodi ya Google, ingieni `Settings` ya kibodi hiyo, mtafute `Auto-capitalization` kwenye sehemu ya kusahihisha maandishi, muizime. Wa iPhone, ni `Settings`, `General`, `Keyboard`.