Kuhesabu mabano hakutoshi

"Kama idadi ya mabano ya kufungua na ya kufunga inalingana kwa kila aina, si usemi wa hesabu uko sawa? Staki ya nini tena?"

Hapana, hauko sawa. Angalia huu:

```
(a + [b * c) - d]
```

Kila aina ina bano moja la kufungua na moja la kufunga, lakini usemi umeharibika: `)` imekuja wakati `[` bado iko wazi. Kihesabio kinajua ni mangapi yako wazi, ila hakijui lipi lilifunguliwa mwisho, na hilo ndilo linalotakiwa kufungwa kwanza.

Staki, yaani rundo la data linaloongezwa na kupunguzwa juu tu, inalikumbuka, maana kinachoingia mwisho ndicho kinachotoka kwanza. Tusome kutoka kushoto. `(` inaingia, kisha `[` inakaa juu yake. Herufi na alama za hesabu tunaziruka. Ikifika `)`, tunatazama juu ya staki na kukuta `[`. Haziendani, kwa hiyo tunasimama hapo hapo, na mahali pa kosa tumeshapajua. Ingekuwa `]`, tungeitoa `[` na kuendelea, `(` ikisubiri mwenzake.

Wengi husahau kukagua kama staki ni tupu kabla ya kutoa kitu. Kwa `)(` programu inaweza kukwama. Na usomaji ukiisha staki ikiwa na kitu, kama kwa `((a)`, kuna bano halikufungwa.

Kwa aina moja tu ya mabano kihesabio kinatosha kweli, mradi kisishuke chini ya sifuri njiani na kiishie sifuri.