Koo Moja, Wahusika Watatu

*Mtu mmoja anawezaje kurekodi sauti ya paka mdogo, ya bibi na ya zimwi katika katuni moja, na koo lake lisikauke wala kukwaruza?*

Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na kinywa, si na koo. Nyuzi za sauti ni mikunjo miwili midogo iliyomo ndani ya zoloto, lile gegedu la shingoni linalopanda mtu anapomeza, nazo hutikisika pumzi inapozipitia. Wingi wa mitikisiko kwa sekunde moja ndio unaoifanya sauti isikike nyembamba au nene: kwa mwanamume mzima ni kama 100 hadi 130, kwa mwanamke ni karibu 200, na kwa mtoto mdogo hukaribia 300. Hata hivyo sikio halimpimi msemaji kwa hesabu hiyo peke yake. Husikiliza pia ukubwa wa uwazi ulio juu ya zoloto, tangu koromeo hadi midomoni, ambao kwa mwanamume hufika takriban sentimita 17, kwa mwanamke 14 au 15, na kwa mtoto huwa mfupi zaidi. Ukipiga noti ileile kwenye udi mkubwa na kwenye gambusi ndogo, utajua bila kutazama ni chombo kipi kilichopigwa, kwa kuwa waya hutoa noti lakini tumbo la chombo ndilo linalotangaza ukubwa wake.

Anayeumia koo kwa kawaida ni yule anayetaka kumaliza kila kitu kwa waya. Hukaza nyuzi mpaka apate sauti ya kitoto, au huzibana na kuzisukuma chini mpaka apate ngurumo, na baada ya nusu saa hana sauti ya mtoto wala yake mwenyewe. Aliyezoea hubadilisha kwanza urefu na umbo la ule uwazi, kisha mwendo wa maneno, na nyuzi huziongezea kazi kidogo tu mwishoni.

Tuchukue hadithi fupi ya Lamu yenye wahusika hao watatu, na msomaji mwanamume ambaye sauti yake ya kawaida ina mitikisiko 120 kwa sekunde. Sauti hiyo ya kawaida haitafutwi kwa kusoma, kwa sababu mtu akishika karatasi hubadilika bila kujijua. Huipata kwa kuitikia "mhm" kama anayekubaliana na jirani barazani, na kuanzia hapo ndipo anapopanda au kushuka. Programu nyingi za simu za kupimia noti za ala zitamwonyesha idadi ya mitikisiko yake.

Paka mdogo anasema: "Bibi, bibi, samaki wangu yuko wapi?" Msomaji avute pembe za midomo kama anayetabasamu, ulimi ausogeze mbele na juu karibu na meno, na zoloto aliache lipande kidogo lenyewe bila kulisukuma. Uwazi sasa umefupika mbele na nyuma, na hata kabla hajapandisha noti, aliye nje ya chumba atasikia kiumbe mdogo. Baada ya hapo inatosha kupanda hadi mitikisiko 160, ambayo ni vibao vitano vya kinanda ukihesabu vyeupe na vyeusi. Angekimbilia 300 kwa sauti ya kuiga ya juu kabisa, nyuzi zake zingegongana mara 180,000 katika dakika kumi za sauti mfululizo, badala ya 96,000. Tofauti hiyo ndiyo koo linaloilipia jioni.

Upole wa sauti ni kipimo kizuri hapa. Kama paka anaweza kusema sentensi yake kwa nusu ya nguvu na bado akawa paka, umbo la kinywa limekaa sawa. Kama anapatikana kwa kupaza sauti tu, basi shingo ndiyo inayomtengeneza, na mishipa iliyosimama pembeni mwa shingo itaonekana kwenye kioo.

Sentensi hiyo ya paka ina silabi 13, na ikisemwa kwa sekunde mbili inatosha kuonyesha haraka ya kitoto. Hatari ni kwamba mtu akiharakisha hupandisha sauti na kuongeza nguvu bila kukusudia, kisha pumzi humwishia kabla ya "wapi", na neno la mwisho hulikamua kutoka kooni. Kasi itoke kwenye midomo na ncha ya ulimi, na ile silabi ya pili kutoka mwisho, ambayo Kiswahili hupenda kuivuta, ifupishwe. Pumzi ivutwe kidogo tu kabla ya kila kifungu, kwa maana kifua kilichojazwa hadi juu husukuma hewa kwa nguvu na kuzilazimisha nyuzi zibane ili kuizuia.

Bibi ndiye anayeharibiwa zaidi na waigizaji, kwa kupewa sauti nyembamba ya kukwaruza ambayo wabibi wengi hawana. Kwa kawaida sauti ya mwanamke hushuka kadiri anavyozeeka, na ya mwanamume mzee ndiyo inayoelekea kupanda. Kwa hiyo msomaji wetu anaweza kumfanya bibi karibu na sauti yake mwenyewe, mitikisiko 140 hivi, na uzee wote auweke kwenye mwendo. "Ndoo, mwanangu, nikwambie," anasema bibi kwa Kiamu chake, lahaja ya Lamu ambamo "njoo" huwa "ndoo", silabi tisa zinazochukua sekunde tatu na nusu, kwa kuwa kuna kituo kizima baada ya "ndoo" na kingine kabla ya "nikwambie". Midomo isogee kidogo, na pumzi isikike ikivutwa katikati ya sentensi. Mtetemo ukihitajika utoke tumboni, kwa kusukuma pumzi kwa mapigo madogo, kwa sababu mtetemo wa kooni huchosha upesi na masikioni husikika kama mbuzi.

Vituo hivyo si vya kuonewa haya. Katika katuni sauti kwa kawaida hurekodiwa kwanza na mchoraji huufuatisha mdomo wa mhusika baadaye, kwa hiyo katika filamu ya picha 24 kwa sekunde, kituo cha nusu sekunde ni picha 12 ambamo bibi anaweza kugeuza shingo au kushusha ushungi wake.

Zimwi ni suala la uwazi mrefu. Msomaji aanze kama anayetaka kupiga mwayo, na zoloto litashuka lenyewe. Midomo aisukume mbele na kuiviringa, na ulimi aurudishe nyuma. Noti ishuke mpaka pale anapoweza kusema kwa raha tu, labda mitikisiko 95, wala asichimbe zaidi, kwa sababu chini ya hapo sauti huanza kukatikakatika na mtu hubana koo ili kuifidia. Uzito uliobaki utaongezwa na maikrofoni. Maikrofoni nyingi zinazosikiliza upande mmoja hukuza sauti nene mdomo unapozikaribia, hivyo zimwi akisema kwa sauti ya chini umbali wa sentimita sita au saba, pembeni kidogo ili pumzi ya "p" isiigonge, husikika mkubwa kuliko akipiga kelele kutoka mbali. Paka akae sentimita 25 hivi, ambako unene huo hupungua sana. Silabi ya pili kutoka mwisho, ileile aliyoifupisha paka, zimwi aivute apendavyo.

Kompyuta nayo inasaidia ikitumiwa kwa kiasi. Tuseme paka bado anasikika mkubwa. Msomaji arekodi sentensi ya sekunde tisa kwa utulivu, kisha kwenye programu ya Audacity achague `Change Speed and Pitch` na kuweka kizidisho cha 1.122. Sentensi itashuka hadi sekunde nane, noti itapanda vibao viwili vya kinanda, na ule uwazi wa sentimita 17 utasikika kama wa 15, yote bila koo kuguswa. Ukizidisha sana, konsonanti huanza kulia kama ndege, na hapo mtazamaji husikia mashine badala ya paka.

Zimebaki taratibu za siku yenyewe. Katika nyumba za mawe za Lamu, chumba cha ndani kabisa hufaa kwa sababu kuta nene za matumbawe hupunguza milio ya punda na mashine za maboti, ila lipu tupu hurudisha mwangwi, na ndiyo maana magodoro husimamishwa nyuma ya msomaji na leso kutundikwa mbele ya zidaka. Feni huzimwa ili isisikike, joto hupanda, na kikao hakiwezi kuzidi nusu saa bila mapumziko. Kwa koo hilo ni jambo jema. Adhana pia huwasimamisha wote kwa wakati wake.

Wahusika hawarekodiwi kwa mfuatano wa hadithi. Kwanza msomaji husoma hadithi nzima kwa sauti yake mwenyewe, kisha huisikiliza kwa hedifoni huku akimwingiza mhusika mmoja baada ya mwingine, ili majibu yasiwe makavu. Bibi hutangulia, paka hufuata, na zimwi huwa wa mwisho pamoja na vilio na vicheko vyake vyote. Ukianza na zimwi, paka hatapatikana tena siku hiyo. Kati ya mhusika na mhusika, msomaji atie mrija sentimita mbili ndani ya glasi ya maji na kuguna humo kwa dakika moja au mbili, mapovu yakitoka. Mgandamizo unaorudi kupitia mrija huzisaidia nyuzi kugusana kwa upole. Maji ya kunywa hayazifikii nyuzi hizo, kwa kuwa hupita njia ya chakula, kwa hiyo yanywewe tangu saa kadhaa kabla. Halua iachwe mpaka kazi iishe, kwani hufanya mate yawe mazito na maikrofoni hukamata kila mlio wa ulimi. Tangawizi kali hupoza hisia ya kuwasha tu, na koo lisilosema linapoumia ni rahisi kulizidishia.

Dalili ya kwanza ya kuchoka mara nyingi si maumivu bali hamu ya kukohoa ili kusafisha koo, na kukohoa kwenyewe huzigonganisha nyuzi kwa nguvu. Afadhali kumeza mate. Kipimo cha uhakika zaidi ni kuimba mstari mmoja wa wimbo wowote kwa noti ya juu na kwa sauti ya chini mno, kama anayembembeleza mtoto aliyekwisha lala. Nyuzi zilizovimba huchelewa kuanza, hutoa hewa tupu au hukatika kwenye noti ambazo asubuhi zilitoka vizuri. Hapo kikao kimefungwa, na kunong'ona kwa nguvu si njia ya kupumzika, kwa sababu wengi hubana koo wanaponong'ona, bora kunyamaza. Mstari huohuo ujaribiwe tena kesho yake asubuhi, na zimwi asirudi mpaka utoke safi. Sauti ikibaki na mkwaruzo kwa zaidi ya wiki tatu, mtu amwone daktari wa masikio, pua na koo, ambaye huzitazama nyuzi zenyewe kwa kamera nyembamba inayopitishwa puani.