Mtoto "hana sauti"? Kwanza angalia wimbo umeanzia wapi

Wazazi wengi wanaoniletea watoto kujifunza kuimba huanza na sentensi ileile: "Mwalimu, huyu wangu hana sauti, lakini anapenda." Nimefundisha watoto kwa miaka mingi, wengine majumbani kwao, wengine kwenye kwaya, na sasa nikisikia hivyo huwa nauliza kwanza: alikuwa anaimba na nani, na wimbo ulianzishwa wapi?

Mwaka jana nililetewa binti wa miaka minane. Alikuwa amejaribiwa kwenye kwaya ya watoto, akaambiwa asubiri akue kwanza. Mama yake alinisimulia mbele yake, na mtoto akainamisha kichwa. Nilimwomba aniimbie wimbo uleule aliojaribiwa nao. Akaanza chini kabisa, kwa sauti ya mkwaruzo kama mtu aliyeamka sasa hivi. Kila wimbo uliposhuka sauti ilipotea, ikabaki pumzi tu. Ulipopanda, alibaki palepale chini, ananguruma kwenye noti moja.

Sikumrekebisha. Nilimwambia atoke hadi getini amwite dada yake aliyekuwa ndani. Akaita, "Daaa-daa!" Sauti ikatoka safi, imenyooka, na nikaitafuta kwenye kinanda: alianzia A iliyo juu ya C ya kati, akashukia F shapu. Ukiita so–mi kwa lugha ya kwaya, ndiyo hiyo hiyo. Watoto wengi wakimwita mtu aliye mbali huita kwa mteremko huo bila kufundishwa. Kwa hiyo sauti alikuwa nayo, na alikuwa na uwezo wa kuitua mahali sahihi. Wimbo ndio uliokuwa umewekwa mahali ambapo yeye hafiki.

Ilikuwaje? Aliyemjaribu ni mwanamume. Sauti ya mwanamume mzima iko kama oktava moja chini ya sauti ya mtoto. Mwalimu akiimba C yake ya kawaida, nyuzi zake za sauti zinatetema takribani mara 131 kwa sekunde. Mtoto anayeimba C ya kati anatetema mara 262. Sikio la mtu mzima linazichukulia kama noti moja. Mtoto mdogo ambaye hajazoea hilo anasikia sauti nzito, anaamini anatakiwa kuifuata hukohuko chini, na anakwama. Nami ni mwanamume, kwa hiyo kwa wanaoanza situmii sauti yangu kuwapa noti. Natumia kinanda, au namwomba mtoto mwenzake aliyekwisha shika aanzishe.

Tatizo la pili ni kii yenyewe, yaani noti ambayo do ya wimbo imewekwa. Mfumo wetu wa do re mi, ule ulioenezwa na John Curwen huko Uingereza karne ya 19 na kutufikia kupitia wamisionari, una uzuri mmoja mkubwa: do inaweza kuwekwa popote. Lakini uhuru huo una gharama yake, kwa sababu mwalimu huiweka do pale koo lake linapopumzika. Wimbo wa yule binti unaanzia so ya chini na kufika so ya juu, yaani oktava moja. Ukiweka do kwenye C ya kati, so ya chini inaangukia G iliyo chini yake, na kwa mtoto wa miaka minane hapo hakuna sauti ya maana. Ukiweka do kwenye F, wimbo wote unakaa kati ya C ya kati na C inayofuata juu yake. Hapo ndipo watoto wengi wa umri huo wanapoimba bila kujikaza. Kwenye kinanda, kama mpigaji amezoea vidole vya C, ni kubonyeza TRANSPOSE hadi ioneshe 5.

Kupandisha kii peke yake hakutoshi, lazima niseme ukweli. Mtoto aliyezoea kuambiwa "paza sauti!" hubeba sauti ya kifua hadi juu, na utamwona: mishipa ya shingo inasimama, kidevu kinanyanyuka, noti za juu zinakuwa kelele halafu zinashuka kidogo chini ya kii. Dawa yake ninaianza na king'ora. Tunaiga gari la wagonjwa, "uuuu", kutoka chini hadi juu na kurudi, polepole, kwa sauti ndogo. Katikati ya safari hiyo sauti inabadilika yenyewe, inakuwa nyepesi kama filimbi. Hiyo ndiyo sauti ya kichwa. Watoto hucheka wakiisikia mara ya kwanza, wanadhani si yao. Nawaacha waizoee wiki mbili tatu kabla ya kuitia kwenye wimbo.

Kwa yule binti nilifanya jambo jingine ambalo naliamini kuliko yote. Badala ya kumpa noti yangu, nilimwomba aimbe "mu" popote anapotaka, aishikilie. Mimi ndiye nikaitafuta kwenye kinanda na kuungana naye. Tulipokutana alifumbua macho, akanitazama, akaacha kuimba. Nikamuuliza umesikia nini. Akasema, "Zimekuwa moja." Mtoto akishasikia hivyo mara moja, unaweza kusogeza noti hatua moja juu naye akakufuata, kwa sababu sasa anajua anachotafuta. Vipindi sita vya dakika ishirini ishirini, akaimba wimbo wote kwenye F.

Wapo ambao hata baada ya miezi hawakutani na noti. Hao nawaomba wazazi wawapeleke wakapimwe masikio, hasa kama mtoto alikuwa anatokwa usaha sikioni au anaongeza sana sauti ya televisheni. Na mtoto ambaye sauti imekwaruza wiki tatu mfululizo simfundishi, namtuma kwa daktari wa koo.

Kwenye shughuli za malipo, mahafali na ubarikio, kii ndiyo inayowaponza watoto kuliko woga. Biti za simu nyingi zimetengenezwa kwa kii ya msanii mzima, na mtoto aliyejifunza kwenye F akipewa biti ya C atarudi kule kwenye mkwaruzo mbele ya watu. Ndiyo maana tukikubaliana malipo, kwenye ujumbe huohuo naandika pia do iko wapi.

Mwezi wa tisa yule binti alikuwa mmoja wa watoto saba waliokwenda kuimba kwenye mahafali ya darasa la saba. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Umeme ukakatika, jenereta ikawashwa, kinanda kikawaka upya, na vinanda vingi vikizimwa TRANSPOSE hurudi 0. Mpigaji hakuangalia. Ubeti wa pili ukaanza kwenye C, na watoto sita wakazama nao. Yule binti peke yake alibaki juu kwenye F, anaonekana kabisa kwamba anasikia hakuna aliyeungana naye, na hakushuka. Nilikimbilia kwa mpigaji nikamwonesha vidole vitano. Akabonyeza mara tano, wenzake wakamsikia, wakapanda kumfuata alipokuwa.