Je, wajua? Kwa nini mwenye aleji ya penisilini huchomwa seftriaksoni

"Faili langu limeandikwa kwa wino mwekundu kwamba nina aleji ya penisilini. Juzi daktari kaniandikia sindano ya seftriaksoni. Hizi dawa si ukoo mmoja? Mbona hakuogopa?"

Ukoo ni mmoja kweli. Penisilini na sefalosporini, kundi la seftriaksoni, zote zina pete ndogo ya kikemia iitwayo beta-laktamu, na ndiyo inayoua bakteria. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba kinga ya mwili huikataa pete hiyo, hivyo anayedhurika na penisilini angedhurika na sefalosporini yoyote. Lakini pete ya sefalosporini ikishafunguka mwilini huvunjika vipandevipande upesi. Kinachobaki mpaka kinga ikitambue ni mkia uliopachikwa ubavuni mwa pete, na mikia hiyo hutofautiana dawa kwa dawa.

Kwa hiyo daktari hulinganisha mikia. Amoksisilini ina mkia uleule wa sefadroksili na sefprozili. Ampisilini ina mkia uleule wa sefaleksini na sefakloro. Tena mikia ya amoksisilini na ampisilini inakaribiana mno, basi aliyedhurika na mojawapo ni heri aziepuke zote nne. Seftriaksoni, sefotaksimu, sefepimu na sefiksimu zina mikia isiyofanana na ya penisilini. Sefazolini, ile inayochomwa kabla ya upasuaji, mkia wake ni wa peke yake kabisa.

Hata takwimu zinaonyesha hivyo. Kati ya watu 100 waliothibitishwa kuwa na aleji ya penisilini, kama 2 tu ndio hudhurika na sefalosporini yenye mkia tofauti, na kwa sefazolini hafiki hata mmoja. Kwa zenye mkia wa amoksisilini au ampisilini, idadi hupanda hadi karibu 16. Na hao ni waliothibitishwa kwa vipimo. Wenye maandishi tu kwenye faili, zaidi ya 90 katika 100 wakipimwa hukutwa hawana aleji tena, au hawakuwahi kuwa nayo. Ile asilimia 10 ambayo bado inatajwa wodini ilitokana na sefalosporini za miaka ya 1960 na 1970. Baadhi zilikuwa na mabaki ya penisilini ndani yake, na mikia yake ilifanana na ya penisilini.

Tuseme mama wa miaka 34 analazwa kwa maambukizi ya figo: homa, kutetemeka, maumivu ya ubavuni. Faili linasema "aleji ya penisilini". Daktari anamuuliza: ilikuwa dawa gani, baada ya muda gani, ulipatwa na nini? Anajibu kwamba miaka sita iliyopita alimeza amoksisilini, na kabla ya nusu saa kwisha alitoka vipele vilivyovimba na kuwasha mwili mzima, midomo ikafura. Hiyo ni aleji ya haraka, si kichefuchefu cha kawaida. Hata hivyo anaweza kupewa seftriaksoni gramu 1 kwenye mshipa, muuguzi akiwa karibu na adrenalini ikiwa tayari. Kwa kawaida aleji ya haraka hujitokeza ndani ya saa moja, kwa vipele, pumzi kutoa mluzi au presha kushuka. Ikitokea, mtu mzima huchomwa adrenalini miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja bila kusubiri.

Saa inapita, mama yuko salama. Siku ya tatu homa imekwisha, anaruhusiwa kwenda kumalizia vidonge nyumbani. Hapa ndipo penye hatari, na naomba wanaoandika dawa waisome sehemu hii mara mbili. Mtu huona seftriaksoni imepita vizuri, akahitimisha kwamba sefalosporini zote zimeruhusiwa, akaandika sefaleksini. Huo ni mkia wa ampisilini, pacha wa kile kilichomdhuru, naye atameza akiwa nyumbani bila adrenalini. Kama bakteria wake wanauawa na sefiksimu, hiyo ndiyo ya kumwandikia.

Kuna kundi moja ambalo hesabu ya mikia hailihusu. Ni waliobabuka ngozi na kutoka malengelenge mdomoni au machoni, au waliopata homa na vipele pamoja na ini au figo kuharibika, au chembe nyekundu za damu kuvunjika baada ya penisilini. Hao hawajaribiwi kwa sefalosporini mpaka mtaalamu wa aleji awaone.

Kwa yule mama, kabla hajaondoka, maneno "aleji ya penisilini" yafutwe na paandikwe: "Amoksisilini: vipele na midomo kufura ndani ya nusu saa. Seftriaksoni ameivumilia. Asipewe penisilini yoyote, sefaleksini, sefadroksili, sefakloro wala sefprozili. Apelekwe kupimwa aleji."