Mboji ya pipa kwa slaidi sita: majani makavu kwanza, maganda baadaye

Nimeandaa slaidi sita kwa ajili ya akina mama ninaowatembelea Igoma, Nyakato na Buhongwa, wenye bustani ndogo ya mchicha na chainizi nyuma ya nyumba. Kila slaidi ina hatua moja na kosa moja, kwa sababu simu ni ndogo na mtu huisoma akiwa amesimama jikoni. Hapa naziweka zote, pamoja na yale yasiyoenea kwenye slaidi. Ukizifuatilia utaona makosa mengi yana mzizi mmoja: taka za jikoni ni maji. Ganda la ndizi, la tikiti au la nyanya, zaidi ya robo tatu ya uzito wake ni maji. Ukijaza pipa kwa maganda peke yake, yanalainika, yanajibana, hewa inakosa njia, na badala ya mboji unapata uji mweusi unaonuka.

Slaidi ya 1. Hatua: kusanya majani makavu kabla ya ganda la kwanza. Kosa: kuanza na maganda, majani utayatafuta baadaye.

Kwa sisi wa Mwanza, majani huvunwa kiangazi, Juni hadi Agosti. Fagia chini ya mwembe na mparachichi, weka kwenye viroba, funga, hifadhi pasipovuja. Viroba vitatu au vinne vilivyoshindiliwa vinatosha kuanzia pipa moja. Jani la mwembe ni gumu na lina nta, kwa hiyo lifikiche au likanyage ndani ya kiroba mpaka livunjike. Likiingia zima, utalikuta zima baada ya miezi mitatu.

Pumba za mpunga, zile ngumu za nje na siyo laini ya kulishia kuku, zinapatikana mashineni na zinasaidia sana kuachanisha maganda ili hewa ipite. Ila zenyewe haziozi upesi, kwa hiyo zichanganye na majani, zisishike nafasi yake. Maranda ya seremala nayo yanafaa kwa kiasi kidogo, mradi mbao zisiwe zimetiwa dawa.

Slaidi ya 2. Hatua: toboa pipa na uliweke juu ya udongo, penye kivuli. Kosa: kulikalisha kwenye jiwe au saruji.

Tundu kumi na tano hivi chini, na nyingine ubavuni, unene wa kidole kidogo. Msumari uliopashwa moto unatosha. Viwanja vyetu vya milimani vina mawe kila kona, na mtu huona jiwe bapa akafurahi kupata pa kuliegesha. Jiwe halinywi maji, na mchwa wala mnyoo hawezi kupanda kupitia jiwe. Kama huna udongo kabisa, inua pipa kwa matofali matatu na utandaze majani makavu chini yake. Mfuniko uwepo, kwa sababu mvua moja ya Novemba inatosha kuharibu kazi ya mwezi.

Slaidi ya 3. Hatua: ndoo moja ya maganda, ndoo mbili za makavu, changanya. Kosa: kumwaga maganda juu na kufunika kwa konzi moja ya majani.

Hii ndiyo slaidi ninayotaka mtu aisome mara mbili.

Wadudu wadogo wanaoozesha taka wanahitaji kaboni kama chakula cha nguvu na naitrojeni ya kujenga miili yao. Mchanganyiko wanaoupenda ni karibu sehemu 30 za kaboni kwa 1 ya naitrojeni. Maganda mengi ya mboga yako chini ya hapo, majani makavu yako juu, na ukiyaweka pamoja yanasawazishana. Huhitaji maabara. Pima kwa ndoo, siyo kwa mizani: ndoo moja ya maganda yaliyokatwakatwa vipande vya urefu wa kidole, ndoo mbili za majani yaliyofikichwa. Majani yasiyovunjwa yana hewa nyingi ndani ya ndoo, kwa hiyo hayo weka tatu.

Mwaka jana mama mmoja wa Igoma aliniita. Alikuwa na pipa la lita 200 na alilijaza kwa uaminifu miezi miwili. Nilipofika aliniambia, "Bibi shamba, majirani wamenichoka. Naomba tulimwage tu." Nikamjibu, "Mama, tusilimwage bado. Tandika turubai tuone lina nini tumboni."

Tulipolilaza, juu zilitoka maganda ya viazi na ya ndizi ambayo bado yalitambulika. Chini yake kulikuwa na tope jeusi linalong'aa, lenye harufu ya yai viza. Hiyo harufu ni ya mahali pasipo na hewa. Tulipima kwa ndoo ya lita 20 tukapata ndoo nne za tope na maganda. Tukaenda kwa jirani mwenye miembe, tukarudi na ndoo nane za majani, tukayafikicha, tukachanganya kwa chepe kama mtu anavyochanganya zege, mpaka hakuna donge la tope lililobaki peke yake. Ndoo kumi na mbili zilizoingia hazikutoa kumi na mbili: tope lilijaza nafasi kati ya majani, ikawa kama ndoo tisa, na pipa likazimeza zote.

Siku ya tatu harufu ilikuwa imebadilika kuwa ya udongo baada ya mvua. Siku ya nne alizamisha mkono mpaka kwenye kiwiko akautoa haraka: palikuwa na joto la uji uliotoka kuepuliwa. Baada ya wiki sita lile pipa lilikuwa limeshuka mpaka nusu. Hatukuongeza dawa yoyote, wala hamira, wala yale maji ya kuozesha yanayouzwa kwenye chupa. Tuliongeza majani na hewa.

Tangu hapo anakaa na kiroba cha majani pembeni ya pipa. Anamwaga maganda, anafunika kwa makavu mara mbili yake, anachovya fimbo na kuvuruga tabaka la juu. Ukifika kwake sasa huoni ganda hata moja likichungulia, na ndiyo maana inzi wamehama.

Slaidi ya 4. Hatua: chagua kinachoingia. Kosa: samaki.

Mji wetu unakula sato, sangara na dagaa, kwa hiyo swali hili naulizwa kila mahali. Matumbo na vichwa vya samaki ni mbolea nzuri kweli, vina naitrojeni nyingi. Lakini pipa dogo la nyumbani haliwezi kuvimeza: vinaoza haraka kuliko hewa inavyoingia, vinaita inzi, paka na panya, na usiku mmoja tu unatosha kulipindua pipa. Vifukie chini ya shina la mgomba, shimo la kina cha mkono mzima mpaka begani, shindilia udongo juu. Mgomba utavitumia vizuri kuliko pipa.

Ugali, wali na mchuzi wenye mafuta viende kwa kuku au mbwa. Kinyesi cha mbwa na paka kisiingie kabisa, wala mnyanya ulionyauka ghafla ukiwa bado wa kijani. Pipa dogo linapata joto siku chache tu na siyo kila pembe, kwa hiyo usilitegemee kuua vimelea. Majivu ya mkaa, konzi moja kwa ndoo ya maganda na isizidi. Yakizidi, naitrojeni inapaa kama ile harufu kali ya banda la kuku.

Slaidi ya 5. Hatua: geuza kila wiki na upime maji kwa kiganja. Kosa: kumwagilia kwa mazoea.

Chota konzi moja kutoka katikati, siyo juu, kisha uikamue kwa nguvu zako zote. Yakitoka matone mawili au matatu na donge likabaki limeshikana, iache kama ilivyo. Yakichuruzika, ongeza majani na uigeuze siku hiyo hiyo. Donge likisambaratika na mkono ukabaki mkavu, nyunyiza maji lita chache huku unageuza. Kiangazi upepo wa ziwani unakausha ubavu wa pipa wakati katikati bado pabichi, kwa hiyo usimwagilie kwa kuangalia juu tu.

Pua nayo ni kipimo. Yai viza maana yake hewa haipo. Ukali wa mkojo maana yake naitrojeni imezidi. Tiba ya yote mawili ni moja, majani makavu na chepe. Pipa lisilo na harufu, baridi, lenye sisimizi waliojenga ndani, limekauka.

Mtu huniita pia kwa hofu ya funza. Wale wanene, bapa, wa rangi ya kahawia ni watoto wa inzi mweusi mwembamba ambaye hana shida na chakula chako. Waache, wanakula maganda upesi sana, na kuku wakiwaona watakushukuru.

Slaidi ya 6. Hatua: acha ipoe na iive, kisha ijaribu kwa mbegu. Kosa: kuipeleka bustanini ikiwa bado na joto.

Kosa hili nililifanya mwenyewe nilipoanza. Mboji ilikuwa nyeusi, nikaona imeiva, nikaichanganya na udongo na kusia mchicha. Ulichipua vizuri, ukafika majani manne, ukawa njano tuta zima. Majani makavu yalikuwa hayajamaliza kuoza, na wadudu waliokuwa wakiyashughulikia walichukua naitrojeni ya udongo kabla mizizi haijaifikia. Niliumia, kwa sababu mbegu nilizitunza mwenyewe.

Kwa hali yetu ya hewa, pipa linaloangaliwa vizuri huchukua miezi mitatu mpaka minne tangu uache kuongeza maganda mapya. Ndiyo maana mapipa mawili ni bora: moja linajazwa, moja linaiva. Mwezi wa mwisho usiligeuze, liache litulie.

Kisha chukua makopo mawili. Moja jaza udongo wa bustani peke yake. La pili jaza udongo nusu na mboji nusu. Sia mbegu ishirini za mchicha kila kopo, mwagilia sawasawa, weka mahali pamoja. Baada ya siku saba hesabu miche. Kama kopo la mboji limechipua kidogo kuliko lile la udongo, au ncha za miche zimeungua, rudisha kwenye pipa wiki tatu nyingine. Kama zimelingana au mboji imezidi, ichekeche kwa wavu wa kuku, vijiti na maganda ya mayai virudi kwenye pipa linalojazwa, na laini uitandaze bustanini unene wa vidole viwili, uichanganye na udongo wa juu kwa jembe la mkono. Tuta la mita moja kwa mbili humeza karibu ndoo nne za lita 20.