Unga umesoma aflatoksini juu: umwambie mtu wa bima leo ama ungoje lebu?

Hili swali linafika kwa deski ya klemu mara nyingi likiwa limeshachelewa. Meneja wa kiwanda anapiga simu anasema tuliona shida wiki tatu zilizopita lakini tukataka kuwa na uhakika kwanza, sasa tunaitisha unga urudi, mtatulipa? Shida ni kwamba mikataba mingi ya bima ya uchafuzi wa bidhaa haijali sana sumu iliingia lini kwa unga, inauliza wewe uligundua lini, halafu inauliza ulituambia lini.

Na kabla tuendelee, hiyo bima ya uchafuzi ni kava yake yenyewe. Ile bima ya kawaida ya dhima ya bidhaa, inayolipa mtu akiumwa na akushtaki, kwa kawaida hailipi gharama ya kurudisha bidhaa kutoka sokoni. Wenye viwanda wengi hujua hivyo siku ya klemu.

Sasa chukua mfano wa kiwanda cha kusaga mahindi pale Lunga Lunga, Nairobi. Ijumaa tarehe 28 Juni mtu wa kwoliti anapima sampuli iliyohifadhiwa ya bechi ya wiki iliyopita, kwa kile kipimo cha haraka cha kikaratasi, inasoma 19. Unga wa mahindi Kenya unaruhusiwa aflatoksini jumla mikrogramu 10 kwa kilo, basi. Bechi ni bela 1,200, kila bela pakiti 12 za kilo mbili. Bela 430 bado ziko godauni, 770 zimeshatoka, zingine supamaketi, zingine kwa maholsela wa Nyamakima. Na kava inaisha Jumapili tarehe 30 usiku, fomu ya kurinyu iko mezani inangoja sahihi.

Kitu cha kwanza watu hufanya ni kupima tena, wakitumaini itashuka, na kweli inaweza kushuka, inaweza kusoma 6. Lakini aflatoksini haikai sawasawa kwa mahindi, punje chache zilizoota kuvu zinaweza kubeba karibu sumu yote ya gunia, kwa hivyo ukichota mahali tofauti unapata namba tofauti na ile 6 haifuti ile 19. Ikifika kwa mkadiriaji wa hasara ataitisha daftari lote la lebu, si ukurasa uliopendeza peke yake. Kupeleka sampuli kwa maabara yenye ithibati ni sawa kabisa, lazima hata, lakini hiyo inaenda sambamba na barua ya bima, haingojewi.

Angalia ukingoja inakuwaje. Majibu ya maabara yanakuja Jumatano tarehe 3 Julai, yanasema 17. Unaandikia kampuni ya bima, wanakwambia kava ya zamani iliisha Jumapili na hamkutoa taarifa ndani yake, na kava mpya haibebi jambo mlilolijua kabla haijaanza, tena kwa fomu ya kurinyu kulikuwa na swali kama mnajua jambo lolote linaloweza kuleta klemu mkaweka hapana. Hujashikwa na kava ya kwanza wala ya pili, na premiamu zote mbili umelipa.

Ndio maana mikataba mingi ina kifungu cha kutoa taarifa ya jambo linaloweza kuwa klemu hata kama bado si klemu. Barua yenyewe si ndefu. Kwa huyu wa Lunga Lunga ingekuwa hivi:

"Tunatoa taarifa chini ya mkataba wetu kwamba leo Ijumaa 28 Juni, saa nne asubuhi, kipimo cha haraka cha sampuli ya bechi iliyosagwa tarehe 21 Juni kimesoma aflatoksini jumla 19, kiwango kikiwa 10. Bechi ni bela 1,200. Tumezuia 430 godauni, 770 zimesambazwa, orodha ya wateja imeambatanishwa. Majibu ya maabara tunayatarajia Jumatano. Chanzo bado hakijathibitishwa na hakuna malalamiko ya mteja yaliyotufikia. Huenda tukalazimika kuondoa bechi hii sokoni na tunaomba maelekezo yenu kuhusu gharama."

Ona hakuna mahali imesema tumeuza unga wenye sumu, wala imesema ni makosa ya yule aliyetuletea mahindi, kwa sababu hayo mawili bado hujui na ukiyaandika yatasomwa tena kortini. Lakini pia haijaficha. Barua ya kusema tu "huenda kuna changamoto ya kwoliti kiwandani" inaweza kukataliwa kama taarifa, haina bechi, haina tarehe, haina kipimo, mtu hawezi kujua unaongea kuhusu nini.

Na itume kwa anwani iliyoandikwa ndani ya mkataba. Kumwambia broka kwa wasapu si lazima iwe ni kuambia kampuni ya bima, mara nyingi broka anahesabika ni mtu wako wewe, kwa hivyo mpe nakala lakini taka jibu la kupokelewa kutoka kwa kampuni yenyewe kabla Jumapili haijaisha.

Kuna mahali pengine klemu hizi huanguka na watu hawapaoni. Mikataba mingi inasema bidhaa iwe imeumiza mtu, au ikiliwa ingeumiza mtu ndani ya muda fulani, mara nyingi siku 120 au mwaka. Sasa mikrogramu 19 kwa kilo ni kinyume cha sheria ndio, lakini je, ingeonekana imeumiza mtu ndani ya siku 120? Mwaka 2004 kule Makueni, Kitui na wilaya zingine za karibu watu 317 waliugua na 125 wakafa, lakini baadhi ya mahindi yaliyopimwa huko yalipita 1,000. Kiwango cha chini kinaharibu ini polepole, miaka, na hiyo ni ngumu kuibana ndani ya maneno ya mkataba. Kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu ya kusoma kabla hujanunua kava: tafuta kama kuna kiongezo kinacholipa pale mamlaka inapoamuru bidhaa itoke, hata bila mtu kuumia. KEBS, shirika la viwango la Kenya, iliposimamisha brandi tano za unga Novemba 2019 haikuhitaji mgonjwa, ilihitaji namba ya maabara. Kama unacho hicho kiongezo na KEBS wakikuandikia, barua yao itume kwa bima siku hiyo hiyo.

Kuhusu idhini, watu huchanganya. Kufunga zile bela 430 na kupigia maholsela wa Nyamakima wasiuze hakuhitaji ruhusa ya mtu, fanya saa hiyo. Kinachohitaji kuulizwa kwanza ni gharama kubwa, malori ya kukusanya, matangazo ya redio, mshauri wa kutoka nje, kwa sababu ukitumia halafu uulize unaweza kulipwa nusu ama usilipwe.

Unga uliorudi nao usikimbilie kuuchoma hata kama unaziba godauni. Utenge, uhesabiwe, kampuni ya bima ije ione au iandike kwamba haiji, ndio upange kuuharibu na cheti kiwepo. Weka pia magunia ya yale mahindi na noti za delivari, maana kampuni ikishakulipa itataka kumfuata aliyekuuzia, na bila gunia hata moja itakuuliza wewe yameenda wapi.